Cheti Kimoja, Faili Tano

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, kila steshenari iliyo jirani na kituo cha daladala hujaa vijana waliomaliza kidato cha sita, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Ndani ya bahasha mna vyeti, na kinachosumbua zaidi si cha kidato cha nne wala cha sita, kwa sababu hivyo Baraza la Mitihani limevichapa kwa mashine na herufi zake ni safi. Kinachosumbua ni cheti cha kuzaliwa. Bodi ya Mikopo hutaka kiwe kimehakikiwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na mwombaji hukituma kwa uhakiki kikiwa kimeskaniwa, kupitia mfumo wa mtandaoni. Afisa anayekihakiki hashiki karatasi yenyewe. Hana pa kuigeuza akaipeleka dirishani penye mwanga. Alicho nacho ni faili, na kisichosomeka kwenye faili kwake hakipo.

Vijana wengi hufika hatua hii wakiwa na faili kadhaa za karatasi ileile. Moja alipiga mwenyewe kwa simu, nyingine mjomba alimskania kazini, ya tatu imetoka steshenari, ya nne ilipitia WhatsApp ikarudi. Hapo ndipo swali linapozuka: aambatishe ipi? Kwa kawaida watu huzifungua moja baada ya nyingine kwenye simu, wakachagua ile yenye karatasi nyeupe zaidi na maandishi meusi zaidi. Nimeona jambo hili likifanyika mara nyingi, na mara nyingi faili inayochaguliwa hivyo ndiyo ambayo ingestahili kuachwa. Weupe wa karatasi hauhakikiwi na mtu yeyote. Kinachohakikiwa ni jina, tarehe, namba na muhuri, na faili moja inaweza kupendeza kote ikaharibika mahali pamoja tu, pale hasa ambapo afisa anapatazama.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Binti ana cheti alichoandikiwa wilayani mwaka 2006. Kimejazwa kwa mkono kwa wino wa bluu, kina muhuri wa zambarau uliopauka, na kilikunjwa mara nne kwenye pochi ya mama yake kwa miaka kabla ya kupigwa lamineshi. Mkunjo mmoja umepita juu ya jina la baba. Ana faili tano. Faili A ni picha ya simu iliyopigwa mezani usiku, flashi ikiwaka. Faili B imetoka kwenye programu ya kuskani ya simu, ikiwekwa kwenye nyeusi na nyeupe. Faili C imeskaniwa steshenari kutoka kwenye cheti chenyewe, kwa rangi, nukta 300 kwa inchi. Faili D nayo imeskaniwa kwa nukta 300, lakini kutoka kwenye kivuli. Faili E ni C ileile iliyotumwa WhatsApp kama picha, kisha rafiki akaigeuza kuwa PDF.

Kabla ya kufungua hata faili moja, kazi ya kwanza ni kuandika ni sehemu zipi za cheti lazima zisomeke. Kwa cheti hiki ziko saba: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipozaliwa, jina la baba, jina la mama, namba ya ingizo kwenye daftari la usajili, na muhuri wa ofisi. Maneno mengine yaliyochapwa kwenye fomu ya cheti, yale ya kuonyesha jina liandikwe wapi na tarehe iandikwe wapi, afisa anayajua bila kusoma. Hayo hayana haja ya kupewa alama. Hapa ndipo jicho linapodanganyika kwa urahisi, kwa kuwa maneno yaliyochapwa ndiyo mengi zaidi ukurasani na ndiyo meusi zaidi, na mtu akiyaona yamekaa vizuri husema ukurasa mzima unasomeka.

Kisha karatasi yenyewe isomwe na ipewe alama kabla ya faili. Watu huiruka hatua hii, ilhali ndiyo inayokuambia wakati wa kuacha kuskani. Alama ziwe tatu tu. Sehemu inayosomwa moja kwa moja bila kusita ipate 2. Inayosomwa kwa kusita, au inayoweza kusomwa kwa namna mbili, ipate 1. Isiyosomeka ipate 0. Cheti cha binti wetu, kikishikwa mkononi kwenye mwanga wa mchana, kilipata 2 kwenye sehemu tano. Jina la baba lilipata 1 kwa sababu ya mkunjo, na muhuri ukapata 1 kwa kuwa maneno ya ukingoni yamefifia. Hicho ndicho kikomo. Hakuna skana itakayotoa faili inayosomeka kuliko karatasi yenyewe, isipokuwa kidogo sana kwa kuongeza giza la wino, na faili itakayofikia alama hizi imemaliza kazi yake.

Sasa nani asome? Si mwenye cheti. Mtu anayelijua jina lake halisomi, analikumbuka. Hata likiwa limefifia nusu, macho yake yatalijaza lililobaki na atakuapia kwamba linaonekana vizuri. Mama yake naye hafai, wala kaka wa steshenari aliyekwisha kuliandika jina hilo kwenye fomu. Atafutwe mtu asiyejua lolote kuhusu cheti hicho, na asiombwe kusema kama kinasomeka, maana kwa adabu tu atajibu ndiyo. Aombwe kusoma kwa sauti, herufi moja moja, huku mwingine akilinganisha na karatasi.

Kwenye foleni mtu wa namna hiyo hakosekani. Kwa faili E, kaka wa steshenari alimgeukia mzee aliyekuwa akisubiri kurudufu hati ya kiwanja.

"Shikamoo mzee. Samahani, naomba unisomee namba hizi, moja moja, kuanzia mwisho kuja mwanzo."

"Marahaba. Hebu sogeza." Akavaa miwani. "Nne. Sifuri. Hii... hii ni moja au saba?"

"Wewe sema unachokiona, mzee."

"Basi mimi naona saba. Lakini sikuapii."

Kwenye karatasi ilikuwa moja. Namba ikapata alama 1, na ingekuwa haki kabisa kuipa 0. Kusoma kuanzia mwisho kuna sababu yake: tarakimu zikisomwa kwa mfululizo wa kawaida, msomaji huanza kubashiri inayofuata, hasa kwenye tarehe, ambako kila mtu anajua mwaka utaanza na 19 au 20. Kwa majina ni vivyo hivyo. Mswahili akiona "Mwanai" atamalizia mwenyewe bila kutazama, na kama mwisho wake ni "sha" au "di" hatakuwa ameusoma. Na herufi hizo za mwisho ndizo zitakazolinganishwa na cheti cha kidato cha nne. Jina likitofautiana kwa herufi moja kati ya vyeti viwili, mwombaji huanza safari ya viapo na barua za kueleza kwamba ni mtu yuleyule. Zingatia pia jozi zinazofanana kwenye mwandiko wa mkono: 1 na 7, 3 na 8, 4 na 9, 5 na 6, u na n, a na o. Hapo ndipo faili mbili zinazoonekana sawa hutengana.

Jambo moja kuhusu kioo cha kusomea. Usiamue kwenye simu. Ukurasa mzima ukibanwa kwenye kioo kidogo, kasoro zake nazo hubanwa zikapotea, na kila kitu huonekana kimenyooka. Fungua kwenye kompyuta, ukuze mpaka asilimia 100 au zaidi, kisha upeleke kila sehemu kati ya zile saba katikati ya kioo. Faili zote zikuzwe kwa kiasi ambacho herufi ileile inaonekana kwa ukubwa uleule, kwa sababu picha iliyokuzwa zaidi humvuta mtu hata kama haina ziada yoyote ndani yake.

Faili zetu tano zilipokwisha kusomwa, alama zilikuwa hivi. Faili A ilipata 2 kwenye sehemu sita, na 0 kwenye namba ya ingizo, kwa sababu mwanga wa flashi uligonga plastiki ya lamineshi ukarudi kama doa jeupe juu ya namba hasa. Faili B ilipata 2 kwenye sehemu tano, 1 kwa jina la baba, 0 kwa muhuri. Faili C ilipata sawasawa na karatasi: 2 kwenye tano, 1 kwa baba na 1 kwa muhuri. Faili D ilikuwa na 1 nne. Faili E ilikuwa na 1 tano.

Ukizijumlisha, A ina 12 na C ina 12. Kwa hesabu ya kujumlisha zimelingana, na mtu anayependa rangi kali ataichukua A. Lakini A haina namba ya ingizo, na bila namba hiyo afisa hana njia ya kulifikia daftari. Alama za ziada kwenye jina la baba na muhuri haziwezi kulipia namba iliyopotea. Kwa hiyo kujumlisha hakufai hapa. Kinachofaa ni kutazama alama ya chini kabisa ya kila faili. Yenye 0 popote hutoka, hata iwe nzuri kiasi gani kwingineko. A imetoka, B imetoka. Zilizobaki hupangwa kwa idadi ya sehemu zenye kusita: C ina mbili, D nne, E tano. Mpangilio ni C, D, E. Zikitokea mbili zimelingana, ziwekwe ubavuni kwa ubavuni, sehemu kwa sehemu, na msomaji aulizwe ipi ni rahisi kusoma. Kisha kulia kuhamie kushoto aulizwe tena, maana wapo watu wanaopendelea upande.

Faili B inastahili maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo inayowapoteza wengi. Kwa kuitazama tu ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote: karatasi nyeupe kama imetoka dukani, maandishi meusi ti. Nyeusi na nyeupe ya kweli haina kijivu. Mashine hutazama kila nukta ya picha na kuuliza swali moja tu: je, giza lake limevuka kiwango fulani? Lililovuka huwa jeusi kabisa, ambalo halikuvuka huwa jeupe kabisa. Wino wa bluu uliokolea huvuka. Muhuri wa zambarau uliopauka hauvuki, kwa hiyo haufifii, unafutika. Pale ambapo muhuri ulikuwa umekolea kidogo hubaki vipande viwili vitatu vyeusi ambavyo hakuna atakayejua ni nini. Mkunjo nao, kwa kuwa una kivuli, huvuka kiwango na kugeuka mstari mweusi unaokata jina la baba. Yaani mashine imefuta ilichopaswa kukibakiza ikabakiza ilichopaswa kukifuta, na ukurasa umependeza kwa sababu hiyohiyo. Cheti chenye marembo mepesi kwenye karatasi yake kina hatari nyingine: marembo hayo hugeuka vumbi jeusi linaloingia katikati ya tarakimu.

Dalili ya nyeusi na nyeupe ya kweli ni rahisi kuijua. Kuza herufi moja mpaka ijaze kioo. Ukiona kingo zake ni ngazingazi, nyeusi moja kwa moja hadi nyeupe bila rangi ya kati, ndiyo hiyo. Namna hii ya kuskani ina kazi yake. Barua iliyochapwa kwa wino mweusi, isiyo na muhuri wala sahihi ya kalamu, hutoka vizuri sana na faili yake huwa ndogo. Kwa cheti chenye wino wa rangi mbili, achana nayo.

Kuna kipimo cha rula kinachosaidia kujua mapema kama faili ina nafasi ya kufaulu. Katika miaka ya 1990, Anne Kenney na Stephen Chapman wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichukua kipimo kilichokuwa kikitumika kwenye filamu ndogo za kumbukumbu wakakigeuza kifae kwa skana. Unapima kwa milimita urefu wa herufi e ndogo kuliko zote unayotaka isomeke. Unazidisha kwa nukta za inchi moja, kisha kwa 0.039, ambayo kazi yake ni kugeuza milimita kuwa inchi. Jibu unaligawanya kwa 2 kama umeskani kwa kijivu au rangi, au kwa 3 kama ni nyeusi na nyeupe. Ukipata 8 ni bora sana, 5 ni nzuri, 3.6 ni ya kubahatisha, na 3 inasomeka kwa shida.

Kwenye cheti chetu herufi ndogo kuliko zote ziko kwenye ukingo wa muhuri, na e yake ina urefu wa milimita 1.2. Faili C, nukta 300 kwa rangi, inapata 7. Faili B, ambayo programu ya simu iliitoa kwa nukta 200 hivi, nyeusi na nyeupe, inapata 3.1. Na faili E? WhatsApp ikipeleka picha kwa njia ya kawaida huipunguza, na hii ilifika ikiwa na pikseli 1,600 kwa upande mrefu. Upande mrefu wa A4 ni milimita 297, karibu inchi 11.7, kwa hiyo zimebaki nukta 137 kwa inchi, na jibu ni 3.2. Mzee wa hati ya kiwanja hakukosea kwa sababu ya macho. Faili hiyohiyo ingetumwa kama hati badala ya picha, ingefika kama ilivyoondoka.

Kipimo hiki kinasema tu skana ingeweza kuona nini. Hakijui kama mkono ulitikisika. Hakijui kama faili D iliskaniwa kutoka kwenye kivuli ambacho chenyewe kilikuwa kimeshapoteza nusu ya muhuri, ndiyo maana D nayo inapata 7 kwenye hesabu na bado imeshindwa kwenye kusoma. Wala hakijui kama mtu alichukua picha ya nukta 150 akaiambia kompyuta iifanye 600. Namba itapanda, faili itanenepa, herufi zitabaki vilevile. Ukubwa wa faili kwa megabaiti si ushahidi wa usomekaji.

Kuna hatari nyingine ambayo kusoma peke yake hakuwezi kuigundua, nayo ni ukurasa unaosomeka vizuri lakini unasema uongo. Agosti 2013, Mjerumani David Kriesel alichapisha jambo lililowashangaza watu wa kompyuta. Mchoro wa nyumba ulikuwa umeskaniwa kwenye mashine za Xerox WorkCentre. Vyumba vitatu vilivyokuwa na ukubwa tofauti kwenye karatasi vilitoka kwenye faili vyote vikiwa na namba moja, mita za mraba 14.13. Namba zile hazikuwa na ukungu wala madoa. Zilikuwa safi kabisa, na mbili kati yake hazikuwa za kweli. Sababu ilikuwa namna ya kubana faili iitwayo JBIG2. Ili kupunguza ukubwa, mashine hutafuta vipande vya picha vinavyofanana ukurasani, ikahifadhi kimoja na kukirudia kila mahali palipo na pacha wake. Herufi zikiwa ndogo na nukta zikiwa chache, 6 na 8 zinaweza kuhesabiwa mapacha. Xerox ilitoa marekebisho ya programu, lakini somo lake linatuhusu: baada ya msomaji kusoma, lazima mtu mwingine alinganishe tarakimu na karatasi. Ndiyo maana nilisema mmoja asome na mwingine ashike cheti. Anayeshika cheti hayupo pale kusikiliza kama msomaji anasita.

Turudi kwa binti. C imeshinda, lakini ina megabaiti 2.6, na tuseme fomu anayojaza inakubali faili isiyozidi megabaiti 1. Kishawishi kikubwa hapa ni kushuka kwenye orodha na kuchukua D au E kwa kuwa zinaingia. Sivyo inavyotakiwa. Iliyoshinda ikizidi ukubwa, itengenezewe matoleo madogo, na hayo ndiyo yaingie kwenye ushindani upya. Kaka wa steshenari alirudisha cheti kwenye kioo cha skana akatoa mbili. F ikawa nukta 300 kwa kijivu, kilobaiti 850. G ikawa nukta 200 kwa rangi, kilobaiti 800. Safari hii alipangusa kioo kwanza, akaweka karatasi nyeusi nyuma ya cheti, kwa sababu mgongoni kulikuwa na maandishi ya kalamu yaliyokuwa yakijitokeza upande wa mbele. Kifuniko cheupe cha skana hurudisha mwanga na kuyaonyesha. Karatasi nyeusi huumeza mwanga huo.

Njia ya tatu, ambayo watu wengi huikimbilia, ni kuiacha C na rangi zake na nukta zake zote, ila kuiminya zaidi kwa tovuti za kupunguza PDF. Uminyaji wa JPEG hufanya kazi kwa kuukata ukurasa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa mambo madogomadogo ndani ya kila mraba. Ukiminya kidogo huoni tofauti. Ukizidisha, kila herufi huzungukwa na vumbi la kijivu, na matundu madogo ya 6, 8 na 9 ndiyo huziba kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuminya namba za cheti, punguza rangi.

F na G zikasomwa. Zote mbili hazikuwa na 0. F ilipata alama zilezile za C, yaani zilezile za karatasi. G ilisitisha msomaji kwenye namba ya ingizo, ambayo imeandikwa kwa udogo kwenye kona. F ikashinda. Lakini nisingeigeuza hii kuwa kanuni. Muhuri ukiwa umeangukia juu ya maandishi, rangi ndiyo inayowatenganisha, zambarau huku na bluu kule, na kwenye kijivu vyote viwili huungana kuwa doa moja. Cheti kama hicho G ingekishinda F hata ikiwa na nukta chache. Na maelezo ya fomu yakitaka nakala ya rangi, basi F haimo kwenye mashindano.

Maelezo hayo yasomwe kabla ya yote, kwa sababu yanaweza kuupindua mpangilio mzima. Baadhi ya maombi hutaka nakala iliyothibitishwa na wakili. Hapo kinachoskaniwa si cheti halisi. Ni kivuli chenye muhuri na sahihi ya wakili, na C yetu, pamoja na uzuri wake wote, haikidhi. Basi juhudi zihamie kwenye kivuli chenyewe: kitolewe kutoka kwenye cheti halisi, si kivuli cha kivuli, kisomwe kwa utaratibu uleule kabla hakijapelekwa kwa wakili, na wakili aombwe agonge muhuri wake mahali peupe. Nimeona muhuri mpya wa wakili uliofunika kabisa ule wa msajili, na hapo hakuna faili ya kuchagua.

Na kama karatasi yenyewe ina 0? Kama tarehe haisomeki hata mkononi, kwenye mwanga wa mchana, usitafute skana nzuri zaidi. Usichukue kalamu ukafuatisha mistari iliyofifia, wala usifute doa kwa programu ya picha hata kama unajua kilichokuwa chini yake. Kunyoosha ukurasa uliopinda na kuongeza giza la ukurasa wote kwa pamoja ni sawa. Kugusa sehemu moja ni kughushi, nia iwe njema au mbaya. Kwa cheti kilichofikia hapo, njia ni kuomba RITA kingine kutoka kwenye daftari, na hilo lataka siku, kwa hiyo ligundulike mapema, si jioni ya mwisho wa maombi.

Faili ikishapatikana ipewe jina linaloitofautisha na ndugu zake, kwa mfano `cheti_kuzaliwa_kijivu300.pdf`, na zile nyingine zihamishiwe kwenye folda ya mbali. Kompyuta ya steshenari yenye faili saba zinazoitwa "scan0012" na kuendelea ni mahali rahisi mno pa kuambatisha iliyoshindwa. Kisha, ikishapakiwa, ifunguliwe kutoka ndani ya fomu kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, kwa kuwa kuna mifumo inayobana tena faili inapoipokea. Binti aliifungua, akakuza kona yenye namba ya ingizo, na aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akaisoma kuanzia mwisho kuja mwanzo huku kaka ameshika cheti. Moja ilikuwa moja.